Msimamizi amerudisha jedwali langu la mapitio ya maandiko na kuuliza swali la neno moja: "Umeisoma?"

mtarajali_mpya

Salamu kwenu wote. Niko katika wiki ya tano ya utarajali wa utafiti, na kazi niliyopewa ni kuandaa jedwali la mapitio ya maandiko kuhusu uraibu unaotokana na dawa za maumivu za jamii ya afyuni, kisha kuandika kurasa tatu za mapitio kutokana na jedwali hilo. Nilikusanya makala 31 na kutengeneza lahajedwali lenye safu sita: mwandishi na mwaka, kichwa cha makala, lengo, mbinu, matokeo na hitimisho. Nilijaza kila kisanduku, na kusema kweli nilijivunia kazi hiyo.

Jana limerudi likiwa na madokezo mawili tu. La kwanza limeandikwa juu kabisa: "Hili ni jedwali la ikisiri, si la makala." La pili limewekwa pembeni mwa sentensi hii ya rasimu yangu:

> Chini ya asilimia 1 ya wagonjwa wanaotibiwa kwa dawa za afyuni hupata uraibu (Porter na Jick, 1980).

Hapo ameandika: "Umeisoma?" Sijaisoma. Sentensi hiyo nimeikuta katika makala tatu tofauti, kwa maneno yanayokaribiana sana, na zote zinarejelea Porter na Jick wa mwaka 1980. Niliona kwamba jambo linaloshuhudiwa na makala tatu halihitaji shahidi wa nne. Naomba kujua mambo mawili: nirejelee vipi hoja niliyoikuta ndani ya makala ya mtu mwingine, na jedwali langu limekosa nini hasa? Nina siku sita.

kalamu_kavu

Ndugu, usihangaike, msimamizi wako anakuonea kidogo. Hoja ni ya Porter na Jick, kwa hiyo anayestahili kutajwa ni Porter na Jick. Ukimtaja aliyewanukuu utakuwa umempa mtu sifa isiyo yake. Mimi nimeandika tasnifu nzima kwa namna hiyo na hakuna aliyelalamika.

Kuhusu jedwali, safu sita ni chache mno. Ongeza nchi, nadharia, ukubwa wa sampuli, namna ya kuchagua sampuli, vifaa vya kukusanyia data, uchambuzi, mapungufu, mapendekezo na pengo la utafiti. Langu lilikuwa na safu kumi na saba. Na kama unatumia mtindo wa APA, kumbuka kwamba makala yenye waandishi watatu hadi watano huandikwa majina yote mara ya kwanza, kisha ndipo unaweka "na wenzake" mara zinazofuata.

mkutubi_wa_zamu

Naomba nianze na swali la urejeleaji, kwa sababu jedwali litajirekebisha lenyewe tukishalielewa.

Ndugu kalamu_kavu yuko sahihi kwamba mwenye hoja lazima atajwe. Ila marejeleo yana kazi mbili, naye ametaja moja tu. Kazi ya kwanza ni kumpa mwenye hoja haki yake. Ya pili ni kumwambia msomaji kwamba wewe, unayeandika, ulisimama mahali fulani na kuona jambo hilo kwa macho yako. Ukiandika (Porter na Jick, 1980) pasipo kitu kingine, unatoa ushahidi kwamba uliifungua makala hiyo. Kama uliyoifungua ni nyingine, basi ushahidi wako si wa kweli, hata kama hoja yenyewe ingekuwa kweli tupu.

Mtindo wa APA unaruhusu njia ya kati: unaandika "Porter na Jick, 1980, kama walivyorejelewa na fulani, 2003", na katika orodha ya marejeleo mwishoni unaweka ile ya 2003 peke yake, kwa kuwa ndiyo uliyoisoma. Njia hiyo imewekwa kwa ajili ya maandishi yasiyopatikana, kama kitabu kilichokwisha sokoni au maandishi ya lugha usiyoisoma. Haikuwekwa kwa ajili ya makala inayofunguka kwa kubofya mara moja.

Sasa nakuomba ufanye jambo dogo kabla hatujaendelea. Katika makala zako tatu, nenda kwenye orodha ya marejeleo na utazame ingizo la Porter na Jick, hasa namba za kurasa. Kisha andika hii kwenye kivinjari chako na usome kilichopo:

```
https://doi.org/10.1056/NEJM198001103020221
```

Usisome maelezo ya mtu yeyote kuihusu kwanza. Isome yenyewe, halafu urudi utuambie umeona nini.

fundi_rasimu

Wakuu, nami nina tatizo hili hili la jedwali kurudishwa. Langu linavuka ukurasa, na likifika ukurasa wa pili vichwa vya safu havionekani, msomaji hajui safu ipi ni ya mbinu na ipi ni ya matokeo. Pia niliambiwa kwamba namba na kichwa cha jedwali vikae juu, nami niliviweka chini kama vya picha. Nadhani ndugu mtarajali angeanza na mambo hayo, kwani msimamizi akiona mistari haijanyooka hasomi kilichomo.

bi_sampuli

fundi_rasimu, la kwako linatatuliwa kwa kuchagua safu mlalo ya kwanza na kuamuru ijirudie katika kila ukurasa, na ni kweli kwamba kichwa cha jedwali hukaa juu. Lakini mwenzetu hakurudishiwa kwa sababu ya mistari. Amerudishiwa kwa sababu ya kilichomo.

mtarajali_mpya

Nimerudi. Nilianza na kurasa kama ulivyoelekeza. Makala zote tatu zinaonyesha ukurasa mmoja tu, wa 123. Nilikuwa nimeliona hilo tangu mwanzo na halikunishtua.

Nilipofungua nilidhani nimepotea njia. Si makala. Ni barua kwa mhariri wa *New England Journal of Medicine*, ya tarehe 10 Januari 1980, na maandishi yake yote ni sentensi tano. Nimezihesabu mara mbili. Hakuna ikisiri, hakuna sehemu ya mbinu, hakuna majedwali. Waandishi wanasema kwamba walipitia kumbukumbu za wagonjwa 39,946 waliolazwa hospitalini. Kati yao 11,882 walipewa angalau dawa moja ya afyuni, na kesi za uraibu zilizothibitishwa kwa kiasi cha kuridhisha, kwa watu wasio na historia ya uraibu, zilikuwa 4. Moja tu kati ya hizo ilihesabiwa kuwa kubwa. Wanataja dawa zilizohusika, kisha wanahitimisha kwamba uraibu ni nadra kwa wagonjwa wa namna hiyo, licha ya dawa hizo kutumika sana hospitalini.

Asilimia 1 haimo. Hakuna asilimia yoyote katika barua hiyo. Nimepiga hesabu mwenyewe: 4 kwa 11,882 ni kama asilimia 0.03, kwa hiyo "chini ya 1" si uongo wa hesabu, ila si maneno yao. Na juu ya barua kuna tahadhari ya mhariri, iliyowekwa miaka mingi baadaye, inayosema kwamba barua hii imerejelewa mno, tena bila kuhojiwa, kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra kwa tiba ya afyuni. Nilikaa kimya kwa dakika kadhaa.

mkutubi_wa_zamu

Umeona vizuri kuliko wengi waliokutangulia. Mwaka 2017 jarida hilo hilo lilichapisha hesabu ya Leung na wenzake, waliofuatilia maandishi yote yaliyoirejelea barua hiyo. Walipata 608. Kati ya hayo, 439, yaani asilimia 72.2, yaliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra kwa wanaotibiwa kwa dawa za afyuni. Na 491, asilimia 80.8, hayakutaja kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa hospitalini wakati dawa zinatolewa. Hesabu hiyo nayo ilitoka kama barua kwa mhariri, kwa hiyo tusiseme kwamba barua ni kosa. Barua ni aina ya chanzo, na kila aina ina mzigo inaoweza kuubeba.

Tazama kilichodondoka njiani. Barua inasema: waliolazwa, waliopewa angalau dawa moja, wasio na historia ya uraibu. Haielezi jinsi uraibu ulivyotafutwa, wala kama kuna aliyewafuatilia baada ya kurudi nyumbani. Sentensi yako inasema "wagonjwa wanaotibiwa kwa dawa za afyuni", na ndani ya maneno hayo anaingia mtu anayemeza vidonge vya maumivu ya mgongo kila siku kwa miaka miwili akiwa nyumbani kwake. Huyo hakuwamo kwenye kumbukumbu zile. Hukumwongeza wewe. Aliongezwa polepole na watu waliosomana wao kwa wao, kila mmoja akipunguza neno moja ili sentensi ipendeze.

Jambo jingine: barua hii haijafutwa. Ukitumia Zotero kutunza vyanzo, programu hukuonya kwa rangi nyekundu pale makala iliyofutwa na jarida inapokuwa katika maktaba yako, na huo ni msaada mkubwa. Hapa hutaona onyo lolote, kwa sababu tatizo haliko katika barua. Liko katika matumizi yake, na programu haiwezi kuyaona.

bi_sampuli

Sasa turudi kwenye jedwali. Nafanya kazi ya mapitio ya kimfumo, na majedwali ya namna ya lako nimeyaona mengi, likiwemo langu la kwanza.

Safu zako sita hazikukosa idadi. Kinachokosekana ni swali moja: *haya yanayosemwa hapa, makala yenyewe imeyapata, au imeyapokea?* Katika safu yako ya matokeo, nina hakika mambo hayo mawili yamechanganyika. Makala inapima jambo lake, tuseme muda ambao wagonjwa waliendelea kutumia dawa baada ya upasuaji, lakini katika utangulizi inasema pia kwamba uraibu ni nadra na inarejelea barua ya 1980. Wewe ukaandika yote mawili kwenye kisanduku kimoja. Baada ya wiki tatu ukalitazama jedwali, ukaona safu mlalo tatu zinazosema uraibu ni nadra, ukahesabu mashahidi watatu. Shahidi ni mmoja, yaani ile barua, na hao watatu walimsikia tu akisema.

Kwa hiyo gawa safu ya matokeo iwe mbili. Moja iitwe "Imepata yenyewe", nyingine "Imepokea, kutoka kwa nani". Kila kinachoingia safu ya pili kiwe na jina na mwaka wa aliyetoa, na chanzo hicho kikiwa na uzito katika hoja yako, kinapata safu mlalo yake baada ya kukisoma. Usipokisoma, hakipati.

Ningebadilisha na "hitimisho". Kisanduku hicho hujazwa kwa kunakili sentensi ya mwisho ya ikisiri, ndiyo maana msimamizi alijua mara moja ulichofanya. Weka badala yake "Kwa nani na katika hali gani", yaani ni watu wa aina gani, walikuwa wapi katika matibabu, na kwa muda gani. Safu mlalo ya barua ile ingesomeka hivi:

> Aina: barua kwa mhariri, sentensi 5, uk. 123.
> Kwa nani: wagonjwa waliolazwa, 11,882 kati ya 39,946 walipewa angalau dawa moja ya afyuni.
> Imepata yenyewe: kesi 4 za uraibu kwa wasio na historia ya uraibu, 1 kubwa.
> Imepokea: hakuna.
> Haisemi: uraibu ulitafutwaje, muda wa matumizi, kilichotokea baada ya kutoka hospitalini.

Kisanduku cha "Haisemi" ndicho hunichukua muda mrefu kuliko vyote, na mara nyingi ndicho pekee ninachokirudia ninapoandika.

Kuhusu safu kumi na saba za ndugu kalamu_kavu, sizikatai kwa kila kazi, lakini safu ambayo hutaisoma kutoka juu hadi chini wakati wa kuandika ni mzigo wa bure. Jaribu muundo wako kwa makala nne kwanza, zisizofanana. Kisanduku kinachobaki kitupu kwa tatu kati ya nne kiondolewe, na jambo linalokulazimisha kuandika pembeni mwa jedwali lipewe safu yake.

kalamu_kavu

Nakubali kuhusu barua, ingawa bado naona tunamtwisha mtarajali mzigo wa profesa. Makala 31, kila moja ina marejeleo kama 40. Je, afungue zote elfu moja mia mbili? Kuna wakati lazima umwamini aliyetangulia, la sivyo hakuna mapitio yatakayokamilika.

bi_sampuli

Ni pingamizi la haki. Hafungui zote. Anafungua zile zinazobeba sentensi ambazo, zikiondolewa, hoja yake inaanguka. Katika kurasa tatu, sentensi hizo kwa kawaida hazizidi kumi.

Dalili za kutilia shaka ninazotumia mimi ni hizi: namba ya mviringo isiyosema ni kati ya watu wangapi; maneno yale yale kujirudia katika makala mbili au tatu pamoja na chanzo kile kile; chanzo chenye ukurasa mmoja; na chanzo cha zamani sana kinachotumiwa kama habari ya leo. Sentensi ya mtarajali ilikuwa na zote nne.

mkutubi_wa_zamu

Kuna jambo la kurekebisha katika ujumbe wa kwanza wa kalamu_kavu, nisije nikalisahau. Kanuni ya kuandika waandishi watatu hadi watano wote mara ya kwanza ilikuwa ya toleo la sita la APA. Katika toleo la saba, lililotoka mwaka 2019, waandishi wakiwa watatu au zaidi unaandika wa kwanza na "na wenzake" tangu mara ya kwanza kabisa. Wakiwa wawili huandikwa wote kila mara. Ndiyo sababu tunasema "Porter na Jick" lakini "Leung na wenzake", kwa kuwa hao wa pili ni watano. Muulize msimamizi anatumia toleo lipi kabla ya kubadilisha chochote.

kalamu_kavu

Tasnifu yangu ni ya mwaka 2015, kwa hiyo nilikuwa sahihi kwa wakati wangu. Shukrani.

nakala_safi

Habari za jioni. Nimeufuatilia uzi huu kimya kimya, na naomba niongeze kisa changu kwa sababu kinahusu jedwali hili hili, ila upande mwingine.

Katika utarajali wangu nilikuwa najaza jedwali nikiwa nimefungua makala upande mmoja na lahajedwali upande wa pili. Sentensi ikinipendeza naichukua kama ilivyo na kuiweka kwenye kisanduku, nikijiambia kwamba nitaigeuza baadaye. Wiki tatu zikapita. Nilipoanza kuandika nilikuwa nachukua kutoka kwenye jedwali, na kwa kuwa jedwali ni langu, niliamini kwamba maneno yote yaliyomo ni yangu. Rasimu ilipopitishwa kwenye programu ya kukagua ulinganifu, sentensi sita zilitoka na rangi. Nilikuwa nimetaja chanzo katika zote sita, nikadhani hilo linatosha. Halikutosha, kwa sababu maneno yalikuwa ya mwenyewe, na hayakuwa na alama za kunukuu. Niliitwa kujieleza kwenye kikao, na kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuweza kuthibitisha kuwa sikukusudia.

Tangu hapo ninafuata utaratibu mmoja. Kitu nilichonakili kinawekewa alama za kunukuu na namba ya ukurasa papo hapo, kabla sijagusa kitu kingine. Nilichoandika kwa maneno yangu nakiandika nikiwa nimeifunga makala, kisha naifungua tena kuhakiki kama nimeipotosha. Mawazo yangu mwenyewe naanza kwa neno "Mimi:" ili siku moja nisije nikamsingizia mwandishi jambo nililoliwaza usiku. Kuanzia hapo sikurudi tena kwenye kikao cha namna ile.

mtarajali_mpya

Nakala_safi, umenitisha. Nimetafuta katika jedwali langu na nimekuta visanduku kumi na moja ambavyo siwezi kukumbuka kama ni maneno yangu au ya mwandishi. Je, kuna njia ya kujua bila kuzisoma upya makala zote?

nakala_safi

Chukua maneno sita au saba mfululizo kutoka kwenye kisanduku, nenda kwenye faili ya makala na utafute kwa Ctrl+F. Yakipatikana, ni yake. Yasipopatikana, usishangilie bado, kwa sababu katika faili nyingi neno hukatwa mwishoni mwa mstari na utafutaji hulikosa. Jaribu maneno matatu ya katikati. Kama makala ni ya lugha nyingine na wewe umeandika kwa Kiswahili, njia hii haisaidii kabisa. Tafsiri ya sentensi moja kwa moja nayo ni maneno ya mwenyewe, hata kama hakuna programu itakayoitia rangi.

fundi_rasimu

Nimejaribu ile ya kurudia vichwa vya safu na imekubali, shukrani bi_sampuli. Sasa nina swali la kweli safari hii. Katika orodha yangu ya marejeleo Shirika la Afya Duniani limetokea kama "Organization, W. H." Nimelirekebisha kwa mkono mara tatu, na kila nikiongeza chanzo kipya linarudi vile vile.

mkutubi_wa_zamu

Linarudi kwa sababu unarekebisha matokeo na si chanzo cha kosa. Zotero imepokea jina la shirika ikadhani ni mtu, ikachukua neno la mwisho kuwa jina la ukoo na mengine ikayafanya herufi za mwanzo. Fungua ingizo lenyewe ndani ya Zotero, na pembeni mwa uga wa mwandishi utaona kitufe kidogo cha kubadilisha kutoka sehemu mbili za jina kwenda sehemu moja. Kibofye, andika jina zima la shirika, kisha urudi kwenye waraka wako na uamuru marejeleo yajisasishe.

Nawaomba wote mfanye ukaguzi wa aina hiyo kwa kila ingizo mara tu linapoingia, wakati makala bado iko wazi mbele yenu. Tazama jina la mwandishi, mwaka na kurasa. Mwaka ndio hudanganya zaidi, kwa sababu makala nyingi hutoka mtandaoni Novemba na kuingia kwenye toleo la jarida Machi ya mwaka unaofuata, kwa hiyo unaweza kuwa na 2018 kwenye jedwali na 2019 kwenye orodha ya marejeleo kwa makala ile ile. Ikishawekwa kwenye toleo, tumia mwaka wa toleo, na utumie huo huo kila mahali.

mtarajali_mpya

Leo ni siku ya nne na nimemaliza kupanga upya. Naomba niwaonyeshe nilichopata, kwa sababu kuna jambo bado linanisumbua.

Niligawa safu ya matokeo kama bi_sampuli alivyoelekeza. Kati ya makala 31, kumi na mbili hazikuwa na matokeo yao wenyewe kuhusu uraibu. Zilikuwa zinapokea tu. Saba kati ya hizo, nilipofuata nyuzi zao hatua moja au mbili, zilifika kwenye barua ile ya 1980. Zile nilizozifungua mwanzo zilikuwa tatu, hizi nyingine nne sikuwa nimezishuku. Sehemu yangu ya "uraibu ni nadra" imepungua kutoka aya mbili hadi sentensi mbili, ambazo sasa zinasomeka hivi:

> Katika barua fupi kwa mhariri, Porter na Jick (1980) waliripoti kesi 4 za uraibu, kwa watu wasio na historia ya uraibu, kati ya wagonjwa 11,882 waliolazwa hospitalini na kupewa angalau dawa moja ya afyuni. Barua hiyo haielezi jinsi uraibu ulivyotafutwa, na matumizi yake kama ushahidi wa jumla yamekosolewa (Leung na wenzake, 2017).

Kinachonisumbua ni safu mlalo ya 14. Ni makala ya mwaka 1986 inayotajwa na nyingine nne, na inaonekana ina data yake yenyewe, lakini nimeweza kusoma ikisiri tu. Faili nzima inauzwa na sina namna ya kuinunua. Niiache ndani au niitoe?

bi_sampuli

Itoe. Jedwali ni la ulivyosoma. Ukiweka ikisiri moja leo, kesho zitakuwa kumi, na utakuwa umerudi kwenye dokezo la kwanza la msimamizi.

mkutubi_wa_zamu

Hapa natofautiana na bi_sampuli kidogo. Ukiitoa, anayesoma jedwali lako hatajua kwamba makala hiyo ipo na kwamba ulikwama mlangoni. Mimi ningeibakiza, na katika safu ya aina ningeandika "ikisiri tu, tarehe fulani", na ningeacha safu ya "Imepata yenyewe" tupu kabisa. Katika rasimu usiirejelee. Wakati huo huo peleka ombi maktaba, kwani maktaba huazimana nakala za makala, na umwandikie mwandishi mwenye anwani ya mawasiliano ukimwomba nakala. Wengi hutuma, ingawa kwa makala ya mwaka 1986 anwani huenda imekwisha kubadilika.

bi_sampuli

Kisanduku kitupu kitamshawishi akijaze saa nne usiku kabla ya kuwasilisha. Nimemwona mtu akifanya hivyo, na mtu mwenyewe nilikuwa mimi.

kalamu_kavu

Mimi ningemuuliza msimamizi. Sisi hatutamsahihishia kazi.

mtarajali_mpya

Nimeibakiza ikiwa tupu, nimetuma ombi maktaba, na nimepeleka jedwali jioni hii. Amejibu baada ya nusu saa: "Safu ya 'Imepokea' ibaki. Namba 14 nataka kuiona. Na ya 22 uliisoma yote, au uliishia kwenye utangulizi?"

Naifungua sasa hivi.